Menyu ya dola na shilingi: kiwango cha kubadilisha kiandikwe vipi ili mgeni asionewe?

Mlango wa Ruaha (mwanzisha uzi)

Kamwene wakuu. Lodge ya vyumba 14, barabara ya kutoka Iringa kwenda Hifadhi ya Ruaha. Tunachapa upya menyu na kadi ya bei za vyumba. Nusu ya wageni ni watalii, nusu ni watu wa semina kutoka Iringa mjini, Makambako na Dodoma.

Kadi ya sasa inasema chumba ni dola 60 kwa usiku, na chini kwa maandishi madogo: "Unaweza kulipa kwa shilingi kwa kiwango cha siku hiyo." Menyu yetu ni ya shilingi, ila pembeni ya kila chakula tumeweka na dola. Ugomvi wa kaunta hauishi: kiwango cha siku hiyo ni cha nani? Mgeni anafungua simu anaona namba moja, sisi tunatumia ya duka la kubadilishia fedha mjini, dereva wake naye ana yake.

Nataka bei zote mbili zibaki, lakini kanuni ya kubadilisha iandikwe kwa haki na ieleweke. Naomba maneno ya kuweka.

Chapa Mwanjelwa

Mkuu, ushauri wa mchapaji: kiwango usikichape ndani ya menyu. Kiwango kinabadilika, laminesheni haibadiliki. Acha kisanduku kitupu chini ya ukurasa wa kwanza, sentimita 3 kwa 6, halafu kila Jumatatu mnabandika stika mpya. Safu ya shilingi iwe kushoto kwa herufi nene, dola kulia kwa herufi nyembamba, ili macho ya mteja yaanze na shilingi.

Ndizi Tukuyu

Hili serikali ilishalijibu zamani. Mwisho wa Desemba 2017 Waziri wa Fedha na Mipango wa wakati ule, Dkt. Mpango, alitoa tamko la kuanza Januari 2018. Bei za ndani zote ziwe za shilingi, ila kwa wageni wasio wakazi, watalii wakiwemo, bei zinaweza kutajwa kwa sarafu mbili. Sharti lilikuwa kwamba kiwango kilichotumika kiwekwe wazi na kisizidi cha soko. Kwa hiyo mwanzisha uzi yuko sawa kabisa. Aandike kiwango, kisizidi cha soko, amemaliza.

Mhasibu Uyole

Ndizi, historia umeitaja vizuri, ila umeishia njiani. Tarehe 28 Machi 2025 zilitoka Kanuni za Matumizi ya Fedha za Kigeni, Tangazo la Serikali namba 198. Humo ni kosa kutangaza au kunukuu bei ya bidhaa au huduma ndani ya nchi kwa fedha za kigeni. Ni kosa kupokea malipo kwa fedha hizo, na ni kosa kumkatalia mtu anayelipa kwa shilingi. Vimeachwa vitu vichache, kama ada za viza, maduka yasiyotozwa ushuru, balozi na mashirika ya kimataifa. Chipsi kuku haimo.

Kwa hiyo Mlango wa Ruaha, jibu la swali lako linaanza kwa kukukatalia nusu yake. Safu ya dola kwenye menyu iondoke, na dola 60 kwenye kadi iliyobandikwa kaunta iondoke pia. Stika ya kila Jumatatu haiokoi kitu, maana tatizo haliko kwenye uchakavu wa kiwango, ni ile bei yenyewe ya dola.

Mlango wa Ruaha

Sawa mkuu, sikubishii sheria. Lakini basi niandike shilingi tu, halafu chini niweke mstari mmoja: "Dola 1 = shilingi 2,500." Hiyo si bei, ni taarifa. Mgeni apige hesabu mwenyewe.

Mhasibu Uyole

Mstari huo peke yake si bei, kweli. Jiulize utatumikaje. Mgeni anakula chakula cha 50,000, anaona mstari, anaweka noti ya dola 20 mezani. Mhudumu akiichukua, mmefanya mambo mawili kwa mkupuo: mmepokea malipo kwa dola, na mmebadilisha fedha bila leseni. Kubadilisha fedha ni biashara yenye leseni ya Benki Kuu. Hoteli za nyota tatu na kuendelea zinaweza kuiomba. Lodge ya vyumba 14 isiyo na leseni hiyo haina duka la kubadilishia fedha, hata kama droo ya kaunta imejaa dola.

Ukitaka kumsaidia mgeni ajue thamani, mwelekeze mahali kiwango kinapotoka. Benki Kuu inaweka viwango kila siku kwenye tovuti yake: cha kununua, cha kuuza, na cha wastani kati ya hivyo viwili. Menyu iseme hivi tu: "Bei zote ni shilingi za Tanzania, kodi ikiwemo. Tunapokea shilingi taslimu, kadi na malipo ya simu."

Mpakani Tunduma

Samahani, na kwacha je? Hapa Tunduma wateja wangu wa mgahawa ni madereva wa malori, wengi wanavuka kutoka Nakonde. Menyu yangu ina shilingi na kwacha. Uzi unasema dola na mimi dola siioni, kwa hiyo nadhani mimi sihusiki.

Mhasibu Uyole

Unahusika, dada. Kanuni zinasema fedha za kigeni. Hazikutaja dola peke yake. Kwacha ya Zambia, kwacha ya Malawi kule Kasumulu, zote humo.

Mpakani Tunduma

Hapo mmenimaliza. Dereva anafika saa tano usiku, mfukoni ana kwacha tupu, mwenye duka la kubadilisha kalala. Ale nini, kanuni?

Mama wa Sao Hill

Nirudi kwenye swali la mwanzo, maana naona tumeliruka. Alisema "kwa haki". Sheria inafuta safu ya dola, sawa, lakini ile sentensi yake ya kadi ya zamani ilikuwa na ubaya gani hasa? Nauliza kwa sababu sentensi ya namna hiyo bado iko kwenye mikataba mingi ya mawakala iliyosainiwa zamani, na watu wanazozana nayo hadi leo.

Mhasibu Uyole

Swali zuri. Tuichukue kadi yake kama ilivyo, kwa viwango vya mfano. Tuseme siku hiyo duka la mjini linanunua dola kwa 2,460 na kuiuza kwa 2,540, na wastani wa Benki Kuu ni 2,500. Mgeni kalala usiku tatu, dola 180, anataka kulipa shilingi. "Kiwango cha siku hiyo" kinaweza kuwa chochote kati ya hivi:

Kwa 2,540 atalipa 457,200.
Kwa 2,500 atalipa 450,000.
Kwa 2,460 atalipa 442,800.

Vyote ni vya siku hiyo, vyote ni vya kweli, na kati ya cha juu na cha chini kuna 14,400. Kaunta itachagua 457,200, mgeni atachagua 442,800, na sentensi yenu haimkatalii yeyote. Ugomvi mliuandika wenyewe.

Ila dhuluma kubwa imejificha kwingine. Mgeni yuleyule jioni anakula chakula cha 36,000, anataka kulipa dola. Sasa kaunta hiyohiyo haitumii tena 2,540. Inasema "sisi dola tunaichukua kwa 2,400", na anatoa dola 15. Kwa wastani ingekuwa dola 14.40. Bei ya dola ikilipwa kwa shilingi inatumika namba kubwa, bei ya shilingi ikilipwa kwa dola inatumika namba ndogo. Huo ni msumeno, unakata ukienda na unakata ukirudi. Ukitaka kujua kama kanuni ya mtu ni ya haki, mwulize kiwango chake kwa njia zote mbili. Akikupa namba moja, yuko sawa. Akikupa mbili, tofauti yake ni faida ambayo haikuandikwa popote.

Ndizi Tukuyu

Na kukadiria kwenda juu je? Mimi naona si dhambi. Mtu haandiki dola 4.80 kwenye menyu, anaandika 5.

Mhasibu Uyole

Inategemea ukubwa wa kitu. Chipsi kuku ya 12,000 kwa 2,500 ni dola 4.80. Ukiandika 5 umeongeza kama asilimia 4. Chai ya 2,000 ni dola 0.80. Ukiandika 1, umeongeza robo nzima ya bei. Meza ya watu wanne wakinywa chai: kwa shilingi ni 8,000, kwa dola zenu ni 4, yaani 10,000. Bei moja, chai moja, anayesoma safu ya kulia analipa zaidi. Kwa hiyo hata kabla ya 2025 safu ya dola kwenye menyu ya vitu vidogo haikuwa na haki, hata mwenye menyu angekuwa mcha Mungu kiasi gani. Kukadiria kufanywe mara moja kwenye jumla ya bili, kusifanywe kwenye kila mstari.

Chapa Mwanjelwa

Nimefuta stika yangu. Ila swali la kazi: wateja wanaoleta kadi za dola kuchapa upya, wanazigeuzaje kuwa shilingi? Wengi wanazidisha kwa kiwango cha asubuhi ile, wananipa, wanaondoka. Miezi mitatu baadaye wanarudi kuchapa tena.

Mhasibu Uyole

Ndilo kosa lenyewe. Kiwango cha asubuhi moja ni picha ya asubuhi moja. Chukua wastani wa Benki Kuu wa miezi mitatu iliyopita, zidisha mara moja, kadiria kwa elfu ya karibu, kisha usahau kwamba bei iliwahi kuwa ya dola.

Chumba cha dola 60, wastani wa miezi mitatu tuseme ni 2,500, bei ni 150,000. Dola ikishuka hadi 2,350, yule mtalii anayefikiria kwa dola ataona chumba kimekuwa kama 63.80. Ikipanda hadi 2,700 ataona 55.60 hivi. Wewe bado unapata 150,000. Sasa swali ni kama hiyo 150,000 bado inatosha gharama zako, na hapo uangalie gharama moja moja. Viazi vya Uporoto, mchele wa Kyela, mishahara, kuni: vyote unalipa shilingi, dola ikipanda leo havipandi kesho. Dizeli ya jenereta na mvinyo wa Afrika Kusini ndivyo vinavyofuata fedha za nje. Dizeli yenyewe bei kikomo yake inatangazwa na EWURA kila mwezi, kwa hiyo huhitaji kubahatisha. Kama sehemu inayofuata dola ni moja ya tano ya gharama, dola ikipanda asilimia 8 gharama zako zimepanda kama asilimia 1.6. Hakuna haki ya kupandisha chumba kwa asilimia 8.

Weka tarehe mbili za kupitia bei kwa mwaka, ziandikwe kwenye kadi. Na aliyeshapata uthibitisho wa nafasi bei yake isiguswe, hata dola ikifanya vituko gani.

Mama wa Sao Hill

Hapo kwenye asilimia 8 sikubaliani sana. Mwenye lodge aliyekopa kwa dola kujenga, marejesho yake yote yanafuata dola. Huwezi kumwambia moja ya tano.

Mhasibu Uyole

Kweli, huyo hesabu yake ni nyingine. Mkopo wa dola unaingia kwenye gharama zinazofuata dola, na inaweza kufika nusu.

Mlango wa Ruaha

Sina mkopo wa dola, namshukuru Mungu. Ninachokwama sasa ni mawakala. Wakala wa Ujerumani anataka kadi ya bei ya mwaka ujao, na yeye shilingi hataki kuisikia. Huyo hayuko Tanzania, na mgeni wake hajafika. Namtumia bei ya dola au simtumii?

Mama wa Sao Hill

Mimi nasema inaruhusiwa. Kanuni zinazungumzia bei za ndani ya nchi. Barua pepe ya kwenda Munich si tangazo la ndani.

Mhasibu Uyole

Mimi siko huko moja kwa moja. Huduma inatolewa wapi? Kitanda kiko Iringa. Ukisema anayenukuliwa yuko nje, una hoja. Mkaguzi akisema huduma ni ya ndani, naye ana hoja. Na kadi hiyohiyo ya PDF kesho utaikuta kwenye simu ya dereva wa safari hapo Samora Iringa mjini, sasa ni ya nje au ya ndani? Kabla ya kusaini mkataba wa mwaka, andika barua Benki Kuu tawi la Mbeya, ueleze muamala ulivyo, upate jibu la maandishi. Neno la mdomo la kwenye semina halitakusaidia.

Wakati unasubiri, njia isiyo na ubishi ni hii. Kadi iwe ya shilingi. Kwenye mitandao ya kuuza vyumba inayokubali shilingi, weka bei kwa TZS. Mtandao wenyewe unamwonyesha mgeni kwa sarafu aliyochagua yeye, kwa kiwango chao, na makubaliano yenu yanabaki ya shilingi. Hapo wewe hujanukuu dola.

Mama wa Sao Hill

Wakala akilipa kwa uhamisho wa benki, dola zinaingia zimepungua. Ametuma 90, imefika 70. Nani anabeba?

Mhasibu Uyole

Benki za njiani zinajikatia. Kwenye fomu ya kutuma kuna chaguo la OUR au SHA. OUR, mtumaji anabeba makato. SHA, mnagawana, na makato ya njiani yanamegwa kwenye fedha inayokuja kwako. Wengi hawachagui, benki inaweka SHA. Kwa hiyo sentensi yako isiseme "utume kiasi fulani", iseme "kiasi kitakachoingia kwenye akaunti yetu". Na shilingi zihesabiwe siku fedha ilipoingia, kwa kiwango benki yako iliyoandika kwenye taarifa ya akaunti. Tofauti na viwango vingine vyote tulivyovijadili, hiki kina karatasi, hakuna wa kukibishia.

Salio linabaki shilingi. Mfano: bili 450,000, zikaingia shilingi 221,000, salio ni 229,000. Haijalishi dola imekuwaje siku ya kufika.

Ndizi Tukuyu

Na akighairi? Alituma dola 90, zikaingia shilingi 221,000. Miezi minne baadaye dola imepanda, 221,000 yako sasa ni dola 82. Utamrudishia 82 na kumwambia ndiyo haki?

Mhasibu Uyole

Ningerudisha shilingi zilezile 221,000, ikiwa sharti hilo aliliona kabla ya kulipa. Dola ingeshuka, yeye angepata zaidi ya 90 na mimi nisingemdai.

Ndizi Tukuyu

Mimi ningerudisha dola 90. Alikupa 90, arudishiwe 90. Hatari ya kiwango ni ya mfanyabiashara.

Mama wa Sao Hill

Naona wote wawili mna haki, mradi iwe imeandikwa. Asiyeandika ndiye mwenye makosa.

Mpakani Tunduma

Mashine ya kadi nayo ina kituko. Mteja akiingiza kadi ya nje, inauliza kama anataka kulipa kwa sarafu yake au shilingi. Mhudumu wangu anabonyeza ile ya kwanza ili foleni iende.

Mhasibu Uyole

Mkataze kabisa. Swali hilo ni la mwenye kadi. Akibonyezewa sarafu yake, kubadilisha kunafanyika palepale kwenye mashine kwa kiwango kilichoongezwa asilimia juu, na ile asilimia inaandikwa kwenye karatasi anayosaini. Akifika kwao akaiona, atasema lodge imemwibia, wakati menyu yako ilikuwa safi. Mhudumu ageuze mashine kwa mgeni, asubiri abonyeze mwenyewe. Akiuliza, amwambie tu bei ya menyu ni shilingi.

Mlango wa Ruaha

Huku kwetu mtandao wa mashine unakatika jioni, na hapo ndipo noti za dola huanza kutolewa.

Mhasibu Uyole

Basi malipo ya chumba yafanyike kabla ya chakula cha jioni, si asubuhi ya kuondoka gari likiwa linanguruma. Mashine iwe na laini ya mtandao wa pili. Na kwenye barua ya uthibitisho mwambie mgeni abadilishe fedha au achukue shilingi ATM akiwa Iringa mjini, maana kutoka hapo hadi geti la hifadhi ni zaidi ya kilomita 100 na njiani hatapata duka la kubadilisha. Sentensi hiyo moja itakuondolea ugomvi mwingi kuliko kanuni zote tulizoandika.

Mlango wa Ruaha

Nimeandika hivi, nikosoeni:

"Bei zote ni shilingi za Tanzania, kodi ikiwemo. Bei hupitiwa tarehe 1 Januari na 1 Julai. Nafasi iliyothibitishwa haibadilishiwi bei. Malipo ya awali kutoka nje ya nchi yanahesabiwa kwa shilingi zilizoingia kwenye akaunti yetu, kama zinavyosomeka kwenye taarifa ya benki, na salio linabaki la shilingi. Ukighairi ndani ya muda, utarudishiwa shilingi hizohizo. Ukilipa kwa kadi, chagua mwenyewe sarafu kwenye mashine."

Mhasibu Uyole

"Ndani ya muda" ni muda gani? Weka siku. Na "kodi ikiwemo" hakikisha ndiyo jumla inayotoka kwenye risiti ya EFD. Mgeni akiona 150,000 kwenye kadi na 177,000 kwenye risiti, umerudi palepale.

Mlango wa Ruaha

Siku 14. Risiti nitaiangalia kesho.

Chapa Mwanjelwa

Mkuu, umenitumia faili. Mbele iko safi. Ukurasa wa nyuma, kwenye vinywaji vya watoto, juisi ya parachichi bado ina "$2". Nifute au?

Mlango wa Ruaha

Futa. Weka 4,500.

Mpakani Tunduma

Na yule dereva wa saa tano usiku mwenye kwacha tupu, bado hajajibiwa.